Waru Zako Hazina Makosa, Shida Ni Vile Umezikata

Wasee, leo naanza na kitu najua kitanitukanisha kwa komenti. Kama mchuzi wako wa waru hutoka vipande vingine vimeiva, vingine vinalia kwa meno kama vibichi, na vingine vimepotea kabisa vikawa uji, usilaumu gesi. Usilaumu sufuria nyembamba uliyopewa ukihamia kwako. Usimlaumu mama mboga ati alikuuzia waru mbaya. Ulizikata vibaya, basi.

Najua mtasema nini, kwa sababu kila nikiweka video nikikata mboga polepole lazima mtu aandike, "Hii ni chakula ama hisabati?" Mwingine anafuata, "Sisi tunapika nyumbani bana, hizo mbwembwe ni za hoteli." Nimeyasoma yote. Na bado nasema kukata vipande vinavyotoshana si urembo. Ni sehemu ya kupika kwenyewe, tena ni sehemu ya pekee unayoifanya kabla moto haujawashwa. Ukishamwaga waru kwa sufuria, vipande vyote vinapata moto ule ule na dakika zile zile. Huwezi kuambia kile kikubwa kibaki ndani kidogo na kile kidogo kitoke. Wote wameingia matatu moja, wote watashuka steji moja.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Jumamosi moja nilialika marafiki wanne, nikapika chapati, na chapati zikatoka poa, hapo sina neno. Mchuzi ndio ulinianika. Nilikuwa na haraka, nikakatia waru mkononi juu ya sufuria vile nimeona watu wakifanya tangu nikiwa mdogo: unashika waru, unapitisha kisu kuelekea kidole gumba, kipande kinaanguka. Kingine kilikuwa kama kipande cha sabuni, kingine kama kucha. Nikaweka kitunguu, nyanya, waru, maji, nikafunika. Baada ya muda nikachomoa kipande kimoja, nikakionja, nikakuta kimeiva vizuri. Nikazima moto nikiwa na raha zangu.

Kumbe kile nilichokionja kilikuwa kidogo. Rafiki yangu wa kwanza akauma kile cha sabuni, na wote tukasikia ile sauti. Krach. Hakuna mtu alisema kitu, wakaendelea kula chapati na supu, wakisukuma vipande vikubwa kando ya sahani polepole, kama watu wenye heshima. Nikarudisha sufuria kwa moto. Dakika kumi baadaye vile vikubwa vilikuwa vimeiva, lakini vile vidogo vilishavunjika vyote na mchuzi ukawa mzito kama uji wa watoto. Sikuwa na dakika hata moja katika ule upishi ambapo sufuria nzima ilikuwa imeiva sawa. Hiyo ndiyo maana ya kukata ovyo. Wakati mzuri wa kuzima moto haupo.

Sasa tuingie kwa sababu yenyewe, na usikimbie, si ngumu.

Waru kwa maji haiivi yote mara moja. Joto linaingia kutoka nje likielekea katikati, na waru hupitisha joto polepole sana. Ili waru ilainike, katikati yake lazima ifike kama nyuzi 85 hivi. Hapo ndipo ile gundi ya asili inayoshikilia chembe za waru pamoja inaanza kulegea. Chini ya hapo unaweza kuichemsha mpaka uchoke, itapata moto lakini itabaki ngumu.

Na kama unaishi Nairobi, uko na shida ya ziada ambayo wasee wa Mombasa hawana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo maji yanachemka kwa nyuzi kama 94 badala ya 100. Kati ya 94 ya maji na 85 ya waru kuna nafasi ndogo. Joto linasukumwa ndani kwa unyonge. Ndio maana ukitoka kwenu Pwani ukaja chuo huku, unaona kila kitu kinachelewa kuiva na unadhani ni mtungi umeisha.

Sasa chukua vipande viwili vya umbo la dadu, ile ya kurusha kwa ludo. Kimoja kina sentimita 2 kila upande, kingine sentimita 4. Kwa macho unaona kimoja ni kikubwa mara mbili tu. Unafikiria kile kikubwa kitachukua muda mara mbili. Hapana. Joto kusafiri mpaka katikati halifuati hesabu hiyo. Umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa kama mara nne. Kwa maji ya Nairobi, katikati ya kile kidogo itafika nyuzi 85 baada ya dakika kama 4 au 5. Kile kikubwa ni dakika kama 18. Halafu juu ya hapo ongeza dakika chache za kulainika, kwa sababu kufika joto hilo ni mwanzo tu.

Soma tena hapo kwa dakika 18. Wakati katikati ya kile kikubwa ndipo inaanza kulainika, kile kidogo kimeshapitisha dakika kama 13 tangu kifike joto hilo, kikigongwagongwa na maji. Hakuna ujanja wa moto utakaokuokoa hapo.

Na ndio, najua kuna mtu sasa hivi anasema, "Si nitaongeza moto tu?" Budaa, maji yakishachemka yamefika mwisho. Ukifungua gesi mpaka mwisho, maji hayazidi zile nyuzi 94. Yanachemka kwa fujo zaidi, na fujo hiyo inavunja vile vipande vidogo haraka zaidi. Umelipa gesi ya ziada kununua uji.

Kwa hivyo unakataje?

Nitaeleza dadu kwanza kwa sababu ndiyo ngumu kwa watu wengi, na ukiijua hii, zile zingine unakuwa umezijua ukiwa njiani. Kwanza tafuta ubao. Kama ubao wako unateleza, lowesha kitambaa kidogo, kamua, tandika chini yake. Hautasonga tena. Waru ni mviringo, na hapo ndipo watu hujikata, kwa sababu inabiringika kisu kikiwa juu yake. Kwa hivyo kazi ya kwanza si kukata vipande. Kazi ya kwanza ni kuitafutia kiti. Menya, halafu toa kipande chembamba upande mmoja ili ipate sehemu iliyo bapa. Ilaze kwa hiyo sehemu. Sasa imekaa, haiendi popote.

Ukiwa hapo, ipasue kwa urefu kuwa mbao za unene wa sentimita 2. Waru ya kawaida itakupa mbao mbili au tatu. Hizo tayari ni silesi, tena silesi nene. Zilaze, panga mbili juu ya nyingine, zikate tena kwa urefu, sentimita 2. Sasa una vijiti, kama chipo nono. Zungusha vijiti, vikusanye pamoja, kata kwa upana, sentimita 2. Dadu hizo hapo. Mikato ya pande tatu, na kila wakati ni kipimo kile kile.

Kwa kipimo usitafute rula. Pima kidole chako gumba leo, kwa upana, karibu na kucha. Kwa watu wengi ni kama sentimita 2. Changu ni pungufu kidogo, lakini haijalishi, kwa sababu nakitumia kidole hicho hicho kwa waru zote. Sijali sana ikiwa ni 2 kamili au 1.8. Najali tu ziwe zinafanana.

Mkono usioshika kisu nao uwe na adabu. Kunja vidole, ncha ziingie ndani kama unakwaruza meza, na zile fundo za vidole zitangulie mbele. Ubavu wa kisu unagusa fundo na kuteleza juu yake. Kisu hakiwezi kukata ncha ambazo hakizioni, na pia ukirudisha vidole nyuma hatua ile ile kila mara, vipande vinatoka unene ule ule. Mkono huo ndio rula yako.

Kisu butu kitaharibu haya yote. Kisu butu hakikati waru, kinaipasua, na mpasuko unaenda unakotaka wenyewe. Utaanza na sentimita 2 juu na kumaliza na 3 chini. Kama huna cha kunolea, geuza kikombe cha udongo, kile kizito cha chai. Chini kina duara ambalo halijapakwa ile rangi ya kung'aa, ni mkwaruzo mtupu. Pitisha kisu hapo kimelala kidogo, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi. Osha kisu, pangusa, halafu jaribu kwa nyanya. Kikiingia kwa ngozi ya nyanya bila kuibonyeza, uko sawa.

Kuna mabaki kila wakati, zile kingo za mviringo ambazo hazikutoka dadu. Hoteli kubwa huzitumia kwa supu au kwa waru za kuponda, na wewe usizitupe pia. Mimi huzikatakata ndogo kabisa na kuziingiza kwa mchuzi makusudi, zivunjike ziufanye mzito. Hapo ule uji ulioniaibisha sasa unanifanyia kazi. Tofauti ni kwamba safari hii nimeamua mimi.

Nilirudia mchuzi ule ule wiki iliyofuata. Waru sita, dadu za kidole gumba, kitunguu kile kile, nyanya mbili, sufuria ile ile ambayo kila mtu anasema ni nyembamba. Baada ya maji kuchemka nikapunguza moto, nikafunika. Dakika ya 18 nikachomoa kipande. Hapa kuna kitu lazima ukikumbuke: chomoa kile kikubwa kuliko vyote unavyoona, usichomoe kile kilicho karibu na mwiko. Kidogo kitakudanganya kila siku. Nilikidunga na ncha ya kisu, kikaingia bila kusukumwa, na nilipoinua kisu, kipande kikateleza chenyewe kurudi kwa sufuria. Kama kingening'inia kwa kisu, bado. Ukiwa na shaka kikate katikati. Kile ambacho hakijaiva kina kiini unachoweza kukiona, sehemu ngumu yenye rangi tofauti na ya pembeni. Changu hakikuwa nacho. Nikazima, na kila kipande kwa sufuria kilikuwa vile vile.

Kwa nini dakika 18 na si zile kumi ambazo hesabu ya juu inaonyesha? Nyanya. Nyanya zina asidi, na asidi inafanya ile gundi ya waru ishikilie zaidi. Ukiweka waru ndani ya nyanya itakawia kulainika, uikate vile unavyotaka. Uzuri ni kwamba inazichelewesha zote kwa kiasi kimoja. Kama zinatoshana, zote zimechelewa pamoja na zote zitafika pamoja.

Sasa kuna kosa jingine ambalo hufanywa na watu wanaojiona wameshaelewa. Wanakata waru dadu ya sentimita 2, halafu wanakata karoti pia sentimita 2, kwa sababu "vipande vitoshane". Halafu waru zinaiva, karoti bado zinabishana na meno. Kutoshana ni ndani ya mboga moja. Waru kwa waru, karoti kwa karoti. Karoti ni ngumu kuliko waru na inachukua muda mrefu zaidi kulainika, kwa hivyo kama zinaingia sufuria moja kwa wakati mmoja, karoti ndiyo ikatwe ndogo. Mimi huipa nusu, sentimita 1. Ama uziache kubwa na uziingize kwanza, dakika chache kabla ya waru. Chagua moja.

Na karoti ina ujeuri wake, kwa sababu juu ni nene na chini ni kama penseli. Ukiikata silesi za mviringo kutoka juu mpaka chini, hata kama kila silesi ina unene ule ule, ya juu ni kama sarafu ya shilingi 20 na ya mwisho ni kama kibonye cha shati. Kwa bahati nzuri, kinachoamua muda ni upande ulio mwembamba, kwa sababu joto linapita njia fupi. Silesi mbili za unene wa nusu sentimita zitaiva karibu pamoja hata kama moja ni pana. Lakini kama unakata vipande vinene vya kuchemsha, ile sehemu ya juu ipasue mara mbili au mara nne kwa urefu kwanza, halafu ndipo ukate. Hapo inalingana na ile ya chini.

Tukifika kwa vijiti vyembamba, hapo ndipo watu hunicheka zaidi, kwa sababu jina ni la Kifaransa, julieni. Ukilisikia haraka unadhani mtu anakukaribisha, "jilieni." Jina lisikutishe. Ni vijiti vya karibu milimita 3 kwa 3, urefu kama sentimita 5 au 6, mnene kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Unazitengeneza kwa njia ile ile ya dadu, ila unasimama katikati: toa kiti, kata silesi za milimita 3, zipange, kata tena milimita 3 kwa urefu. Kama ungeendelea na kuzungusha na kukata tena, ungepata dadu ndogo sana. Hiyo ndiyo siri yote. Silesi, njiti na dadu si vitu vitatu tofauti. Ni safari moja yenye steji tatu, na wewe unaamua utashukia wapi.

Njiti zinasaidia nini? Chukua kabeji ya kukaanga yenye karoti na hoho. Kabeji iliyokatwa nyembamba inahitaji dakika tatu au nne kwa moto mkali. Ukiweka karoti za dadu hapo, kabeji itaisha nguvu na kutoa maji karoti zikiwa bado mbichi. Ukiweka karoti za njiti, joto linahitaji kusafiri milimita moja na nusu tu kutoka kila upande kufika katikati. Zinamaliza pamoja na kabeji, kila kitu bado kina rangi na bado kinalia kidogo kwa meno, lakini kile kilio kizuri. Hakuna mtu anasukuma kitu kando ya sahani.

Na mkisema hii ni mambo ya hoteli za wazungu, nitawatuma kwa kibanda chochote cha mboga saa kumi na mbili jioni. Simama umwangalie mama mboga akikata sukuma. Anapanga majani, la kubwa nje, madogo ndani, anayakunja yakawa sigara moja ngumu, anayashika kwa kiganja, na kisu kinaanza kwenda. Nyuzi zinazoanguka kwa karatasi zina unene mmoja, milimita moja au mbili, na haangalii hata, anakuuliza kama ulilipa ile deni ya nyanya. Ndio maana sukuma zake zinaiva kwa dakika chache na zote zinakuwa kijani vile vile. Jaribu kukata mwenyewe na kisu butu, uone vile utapata vipande vya upana wa utepe vikiwa vigumu kama ngozi, karibu na nyuzi ambazo zimekuwa nyeusi. Yule mama hajawahi kusikia neno julieni na hana haja nalo.

Yeye pia ndiye jibu langu kwa wale wanaosema kukatia mkononi hakuwezi kutoa vipande sawa. Kunaweza. Mamangu anakatia mkononi na waru zake zinatoshana kuliko zangu za ubaoni. Lakini amefanya hivyo kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini. Mimi na wewe hatujafika hapo. Ubao ni wa sisi ambao mikono yetu bado haijapata akili.

Kwa kitunguu cha pilau, kukata ovyo kunauma zaidi kuliko kwa waru, kwa sababu hapa hakuna maji ya kukuwekea kikomo. Mafuta yanaenda juu sana kuliko maji. Unataka kitunguu kiwe kahawia iliyoiva, kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo. Kitunguu chembamba kinafika kahawia, na dakika moja baadaye ni cheusi na kichungu. Kama silesi zako zingine ni milimita 2 na zingine 6, zile nyembamba zitaungua wakati zile nene bado ni nyeupe na zinatoa maji. Ukizima mapema, pilau ni nyeupe. Ukingoja, ni chungu, na uchungu huo hautolewi na bizari yoyote. Hapa watu hulaumu mafuta, halafu wanalaumu moto, halafu wanaweka rangi ya dukani.

Dawa yake ni rahisi. Pasua kitunguu katikati kutoka mzizi hadi kichwa, kilaze upande bapa (kiti kimepatikana bila kazi), toa ncha mbili, halafu kata silesi ukifuata mistari yake, yaani kutoka mzizi kuelekea kichwa. Ukikata kukingama mistari, vipande vinalegea na kuvunjika haraka. Ukifuata mistari vinabaki vizima kwa mafuta. Milimita 3 inatosha. Tatizo ni pale unapofika mwisho wa nusu na kitunguu kinaanza kupinduka. Hapo ndipo vipande nene huzaliwa. Usilazimishe. Kiangushe upande wake mpana, kipate kiti kipya, maliza.

Sasa, sitaki mtoke hapa mkipima kila kitu. Kuna chakula ambacho hakijali. Supu utakayoisaga, kata vile unavyotaka, mradi kile kikubwa kimeiva. Nyanya za mchuzi zitayeyuka zote. Tangawizi na kitunguu saumu za kuponda, ponda. Mukimo watu wengi wanauweka kwa orodha hii, wakisema si zinapondwa? Hapo nawapinga kidogo. Waru kubwa ambayo katikati ni ngumu haipondeki, inakuwa donge, na ile ndogo imekunywa maji mengi mpaka mukimo unalowa. Si lazima dadu nzuri, lakini waru ya ukubwa wa ngumi ipasue mara nne na ile ya yai iache nzima au mara mbili.

Swali ambalo limebaki kwa komenti ni la yule msee aliyesema, "Basi si nikate zote ndogo kabisa, ziive haraka, niokoe gesi?" Ni swali zuri kuliko matusi mengine yote. Kweli, utaokoa gesi. Lakini kipande kidogo kinasamehe kidogo. Dadu ya sentimita 1 kwa mchuzi inatoka kuiva hadi kuvunjika ndani ya muda wa kujibu simu. Ile ya 2 inakupa nafasi ya kutafuta dania, kuonja chumvi, kubishana na mtu mlangoni, na bado ukirudi ni waru. Kwa hivyo kama uko na mtungi unaokaribia kuisha na utasimama hapo hapo kwa jiko, shuka mpaka 1. Kama wewe ni mtu wa kupika ukiwa na simu mkononi, baki na kidole gumba.

Wale marafiki wanne nimewaalika tena wiki ijayo. Mmoja ameuliza kama kutakuwa na waru, na sijapenda vile ameuliza.